Namba 7 siyo milimita 7: kisa cha bamba la giaboksi lenye mchoro wa Kimarekani

Hiki kisa kilianza na mteja kuingia karakana ameshika bamba mbili za aluminiamu kwenye mfuko wa saruji, moja imechoka kabisa na nyingine mpya lakini imeharibika, akazitupa kwenye benchi akasema fundi niangalizie hapa, hii mpya nimetengenezewa juzi mahali fulani na bolti zinapita tu kama ziko sokoni. Bamba ni la kushikia giaboksi ya mashine ya kufungasha unga, mashine yenyewe ya Kimarekani, unene wa bamba nusu inchi, yani 12.7 mm. Pamoja nalo alikuja na fotokopi ya mchoro kutoka kwenye kitabu cha mashine, na pale pembeni ya mchoro ndo kulikuwa na ugonjwa wote:

```
#7 DRILL, TAP 1/4-20 UNC, 4 PL
F DRILL, TAP 5/16-18 UNC, 2 PL
F DRILL THRU (1/4 BOLT), 2 PL
Q DRILL, TAP 3/8-24 UNF, 1 PL
```

Nikachukua vernia nikapima matundu manne ya kwanza. Manne yote 7 mm na ushee. Nikacheka, halafu nikaacha kucheka kwa sababu mteja alikuwa ameshalipia aluminiamu. Aliyetoboa aliona pale juu "#7", akachukua biti ya saba akatoboa, basi. Bolti ya robo inchi kipenyo chake ni 6.35 mm, kwahiyo kwenye tundu la 7 haina hata kitu cha kung'ata, inaingia na kutoka bila kuzungushwa.

Kijana wangu pale karakana akauliza sasa kama siyo milimita saba ni saba ya nini? Swali zuri tu, na wengi wanaofanya kazi hii miaka wanaogopa kuliuliza. Ni saba ya jina. Wamarekani wana biti zao za namba kuanzia 1 mpaka 80 na za herufi kuanzia A mpaka Z, na namba hizi ni kama geji za waya au za bati, namba ikipanda kitu kinakuwa chembamba. Namba 80 ni kama sindano, 0.343 mm. Namba 1 ndo nene kuliko namba zote, 5.791 mm. Ukivuka hapo ndo unaanza herufi, A ni 5.944 mm, na herufi zenyewe zinapanda kawaida mpaka Z ambayo ni 10.490 mm. Kwahiyo namba zinakwenda kinyumenyume na herufi zinakwenda mbele, na mtu asiyejua hilo akiona namba 7 na namba 3 atadhani 7 ndo kubwa wakati 3 ni kubwa kuliko 7.

Kijana akasema basi tutafute fomula, tukishajua namba 1 na namba 80 tunagawa katikati. Hapana, na hapa ndo wengi wanaumia. Hatua kati ya namba na namba hazilingani. Namba 7 ni inchi 0.201, namba 6 ni 0.204, namba 5 ni 0.2055, namba 4 ni 0.209, namba 3 ni 0.213, namba 2 ni 0.221. Ona kutoka 6 kwenda 5 imeongezeka elfu moja na nusu ya inchi, kutoka 3 kwenda 2 imeongezeka elfu nane. Hakuna hesabu ya kukufikisha hapo, lazima uwe na jedwali linalokupa inchi, halafu inchi unazidisha mara 25.4. Hiyo 25.4 ni kamili haina mkia, inchi ilikubaliwa hivyo kimataifa mwaka 1959, kwahiyo usiogope kwamba unapoteza kitu. 0.201 mara 25.4 unapata 5.105 mm. Hiyo ndo namba 7.

Kabla sijaamini jedwali lolote, hasa lile la kupigwa picha likatumwa kwenye simu likafika limefifia, huwa nalihakiki kwa njia ya mkato, na njia hii ingemwokoa yule fundi wa kwanza pia. Kama tundu ni la kukatwa thredi, chukua kipenyo cha bolti utoe pichi, yani umbali wa jino mpaka jino. 1/4-20 maana yake kipenyo robo inchi na meno 20 kwa inchi, kwahiyo pichi ni 25.4 gawa kwa 20, yani 1.27 mm. 6.35 toa 1.27 unabaki na 5.08. Jedwali linasema 5.105, hesabu inasema 5.08, wamekaa jirani, sawa. Lakini mtu akikwambia 7 na hesabu yako inasema 5.08, weka biti chini kwanza mkaongee.

Tukakubaliana natengeneza bamba jipya kutoka kwenye kipande cha aluminiamu nilichokuwa nacho, lile la zamani nalitumia kunakili senta. Sasa shida ikahamia kwenye biti. Namba 7 sina na sijawahi kuiona inauzwa mtaani kwetu, na wala siihitaji, kwa sababu 5.1 mm iko pembeni yake kwa tofauti ya 0.005 mm tu, ambayo drili yangu ya stendi hata haijui kama ipo. Nikamtuma kijana kwenye maduka ya vifaa kule Gerezani akatafute 5.1. Akazunguka akarudi na jibu ambalo kila fundi analijua, maduka yana tano, yana tano na nusu, basi. Seti nyingi zinazouzwa zinapanda kwa nusu mili, 1 mpaka 13, vipande 25. Ile seti ya kupanda kwa sehemu ya kumi, 1 mpaka 10, ina vipande 91 na bei yake ni ya kufikiria mara mbili. Duka moja lilikuwa na 5.2 ya rejareja, akaichukua kwa akili yake mwenyewe, nikamsifu.

Mezani nikawa na 5.0, 5.2 na 5.5. Kwa hesabu ya darasani iliyo karibu zaidi na 5.105 ni 5.2, tofauti 0.095, wakati 5.0 tofauti yake ni 0.105. Mtu wa haraka anachukua 5.2 anaenda zake. Mimi huwa sichagui kwa karibu peke yake, kwanza nauliza hili tundu likikosea upande upi ndo linaua kazi. Tundu la thredi likiwa kubwa, meno yanabaki mafupi, bolti inashika kwa ncha tu. Likiwa dogo, meno yanakuwa marefu lakini tapu, ile inayokata thredi, inafanya kazi ya punda, inabana, na ikikatikia ndani ya bamba hapo ndo utajua siku ndefu ni ipi. Kuna kipimo cha kuona uko wapi kati ya hayo mawili, ni asilimia ya thredi, na fomula yake kwa milimita ni hii:

```
asilimia = 76.98 × (D − d) / P
```

D ni kipenyo cha bolti, d ni tundu, P ni pichi. Weka 5.105, unapata kama 75.5. Hiyo 75 ndo waliyokuwa wanailenga waliochora jedwali, siyo bahati. Weka 5.0 unapata 82. Weka 5.2 unapata 70. Weka 5.5 unapata 51 na kitu. Ukifika karibu 83 umegusa umbo kamili la thredi ya ndani, ukizidi hapo tundu ni dogo kuliko umbo hilo na tapu inaanza kulazimisha badala ya kukata.

5.5 niliitoa mezani hapohapo. Ntasema ukweli, kwenye chuma kizito thredi ya asilimia 50 mara nyingi inashika vizuri kuliko watu wanavyodhani, kama bamba ni nene bolti inaweza kukatika kabla thredi hazijafa. Lakini hii ni aluminiamu, giaboksi inatikisika siku nzima, na bolti hizi zinafunguliwa kila wakibadilisha mkanda. Afu kuna mipaka iliyoandikwa, kwa 1/4-20 daraja la kawaida la 2B tundu linatakiwa liwe kati ya 4.978 na 5.258 mm baada ya kutoboa. 5.5 iko nje mbali. 5.0 na 5.2 zote ziko ndani, moja inagusa mpaka wa chini na nyingine iko karibu na wa juu.

Sasa hapa ndo kitu ambacho jedwali halikwambii. Biti ya tano haitoboi tano. Biti ya kunoa kwa mkono kwenye grainda, midomo yake miwili haiko sawa hata ufanyeje, mmoja mrefu kidogo kuliko mwenzake, ncha inakaa pembeni ya senta na biti inazunguka kama mtu aliyelewa, tundu linatoka kubwa. Yani unaponunua biti umenunua ukubwa wa chini, ukubwa wa tundu unaujua ukishatoboa. Na ukubwa wa kuzidi huo unakwenda upande mmoja tu, haijawahi kutokea biti nzima ikatoboa tundu dogo la maana kuliko yenyewe kwenye aluminiamu baridi.

Nikachukua chakavu cha aluminiamu ileile, unene uleule, nikakifunga kwenye vaisi ya drili, nikatoboa tundu moja kwa 5.0 na moja kwa 5.2, mwendo uleule na mafuta ya taa kidogo ya kulainisha. Biti ya 5.0 nilipoipima kwenye midomo kwa vernia ilikuwa 4.98. Hapa angalizo, pima kwenye kingo za nje karibu na ncha, usipime mkia, mkia unakuwa umeliwa na chaki ya drili na biti nyingi zinapungua kidogo kurudi nyuma. Tundu lake likasoma 5.06. Biti ya 5.2 ilikuwa 5.18, tundu likasoma 5.26. Na vernia kwenye tundu dogo husoma pungufu, kwa sababu ile midomo yake ya ndani ina ubapa, haigusi duara kwenye kipenyo kamili, kwahiyo ukweli ni kwamba matundu yote mawili yalikuwa makubwa zaidi ya nilivyosoma.

Umeona kilichotokea? Ile 5.2 iliyokuwa "karibu zaidi" kwenye karatasi imetoka nje ya mpaka wa 5.258 kabla hata sijaweka tapu. Ile 5.0 niliyokuwa naiogopa imejisogeza yenyewe mpaka jirani na 5.1, asilimia 78 hivi. Nikakata thredi kwenye tundu la majaribio la 5.0, tapu ikaenda laini, nusu mzunguko mbele robo nyuma kuvunja vyuma, haikulia wala kubana. Nikaingiza bolti, nikaitikisa, haichezi. Basi matundu manne nikatoboa kwa 5.0. Kama ningekuwa na biti mpya ya kiwandani na mashine nzuri isiyotetereka ningekataa 5.0 hapohapo, ingenipa 5.01 au 5.02 na tapu ingebana, hapo 5.2 ingekuwa ndo jibu. Kwahiyo usichukue 5.0 yangu ukaenda nayo kwako, chukua chakavu ujaribu.

Mstari wa pili na wa tatu ndo ulinifurahisha, maana herufi ni ileile na kazi ni mbili tofauti. F ni inchi 0.257, mara 25.4 ni 6.528 mm. Pale juu F ni ya kukata thredi ya 5/16-18. Pale chini F ni tundu la kupitisha bolti ya robo inchi, thredi haikatwi, bolti inapita tu kwenda kushika kwa upande wa pili. Kijana akasema si tunatoboa yote kwa 6.5, tofauti yake 0.028 tu? Kwa yale ya thredi nikamwambia ndiyo, 6.5. Bolti ya 5/16 ni 7.94 mm, pichi ya meno 18 ni 1.41, toa unapata 6.53, hesabu inakubali. 6.5 inakupa asilimia 78, na hata drili yetu ikizidisha ikatoa 6.57 tunashuka mpaka 75, mpaka wa juu ni 6.73, tuna nafasi ya kupumua. Na 6.5 iko kwenye kila seti ya nusu mili, hapo tuna bahati.

Kwa yale ya kupitisha bolti nikasema subiri. Hapo kukosea kwa kupungua ndo kubaya, kukosea kwa kuongezeka ni kuzuri mpaka kiasi fulani. Bolti ni 6.35, tundu la F linaiachia 0.18 kwa kipenyo, hiyo inaitwa fiti ya karibu, waliochora hawakutaka giaboksi icheze. 6.5 inaiachia 0.15. Inatosha kama senta zako zimekaa vizuri kabisa, lakini senta zangu nimezinakili kutoka kwenye bamba la zamani lililochakaa, kwa alama na senta panchi, na mimi siyo mashine. Matundu mawili yakihama 0.1 kila moja kwa upande wake, bolti ya pili inakataa kuingia, halafu unamwona fundi anaanza kuzungusha faili ya duara ndani ya tundu, na ukishafika huko fiti ya karibu imekwisha. 6.6 ndo ningeipenda, inaachia 0.25. Sikuwa nayo. Na ile tabia ya biti kuzidisha ambayo kwenye thredi ilikuwa adui hapa ikawa rafiki, 6.5 yangu iliyonolewa kwa mkono ilitoboa 6.58 kwenye chakavu, nikaridhika, nikatoboa. Tungeruka mpaka 7.0 kwa sababu "kubwa ni salama" tungeachia 0.65, hiyo siyo tundu la bolti tena, ni mlango.

Kuna jambo la ziada hapa kwa anayesoma michoro ya namna hii mara kwa mara. Ukiona herufi F peke yake bila neno lolote pembeni huwezi kujua uielekeze wapi. Ukiona H, ambayo ni 6.756 mm, karibu kila mara ni bolti ya robo inchi inayopita kwa uhuru zaidi, chukua 6.8, na 6.8 huwa inapatikana rejareja hata kwenye duka dogo kwa sababu ndo biti ya kutangulia tapu ya M8. Ni ujanja unaosaidia, kabla ya kutafuta kipimo cha ajabu dukani jiulize kuna tapu gani ya milimita inayotaka biti ya hapo karibu. 4.2 ipo kwa ajili ya M5, 6.8 kwa ajili ya M8, 8.5 kwa M10, 10.2 kwa M12. Muuzaji ukimwambia "nane nukta tano" anaweza kusema hana, ukimwambia "biti ya tapu ya kumi" anakuletea.

Na hiyo 8.5 ndo ikamaliza kazi. Q ni inchi 0.332, sawa na 8.433 mm. Karibu zaidi ni 8.4, sikuwa nayo. 8.5 nilikuwa nayo. Nina 8.0 pia, na kijana, ambaye sasa alikuwa ameshakariri kwamba biti inatoboa kubwa kuliko yenyewe, akapendekeza 8.0 kama tulivyofanya kwa 5.0. Nikampa fomula apige mwenyewe. 3/8-24 kipenyo ni 9.525, pichi ni 1.058. Kwa 8.0 akapata asilimia 111. Akaniangalia. Nikamwambia hiyo hata biti ikizidisha 0.1 bado uko zaidi ya 100, tundu ni dogo kuliko kiini cha tapu, hutakata thredi, utaikata tapu. Meno ni membamba pale, 24 kwa inchi, kwahiyo nusu mili ambayo kwenye bolti ya meno makubwa unaweza kusamehe, hapa ni karibu nusu ya pichi nzima. Kwa 8.5 akapata 74 na kitu. Mpaka wa juu wa 3/8-24 ni 8.636, tukatoboa kwenye chakavu ikasoma 8.57, iko ndani, hata ukiongeza kile kipungufu cha vernia. Kwa usalama nilianza na 6.5 kwanza ndo nikapanua na 8.5, biti ya pili ikifuata tundu lililokwisha kuwepo inatulia zaidi.

Mteja alipokuja jioni alileta giaboksi yenyewe kwenye bajaji. Bolti nne za robo zikaingia kwa mkono mizunguko mitatu minne halafu spana, mbili za 5/16 vilevile, moja ya 3/8 nikaiwekea mafuta kidogo. Zile mbili za kupita, ya kwanza iliingia, ya pili ikagoma kidogo, nikalegeza ya kwanza nikagonga giaboksi kwa kiganja, ikaingia. Lile bamba lenye matundu ya saba akaliacha karakana, akasema labda litafaa kitu. Limefaa. Matundu yake ya 7 mm nimeyapanua kwa 8.5, nimeyatapu M10, ndo sasa hivi limeshikilia vaisi yangu ya pili kwenye benchi.